Kusajili wimbo au kitabu COSOTA: andika wazi kipi chako na kipi cha mwenzako

Nyimbo nyingi za wasanii wa Kang'ata, Mkata, Handeni mjini na Korogwe zinatufikia redioni kwa WhatsApp. Mara nyingi jina la faili linakuwa hivi:

```
WIMBO MPYA final 2.mp3
```

Hapo hatujui nani kaimba, nani katunga, wala wimbo unaitwaje. Mtangazaji akiupenda ataucheza na kutaja jina aliloambiwa, na kesho mwingine atataja jina tofauti. Msanii huyohuyo akienda kusajili kazi yake anakwama palepale. Kujiandikisha kwenyewe hakumsumbui sana. Kinachomsumbua ni sehemu ya fomu inayouliza kazi hii ni nini hasa, na nani kafanya kipi. Akiijaza kwa haraka anapata hati isiyomsaidia siku ya mgogoro, kwa hiyo makala haya yatakaa zaidi kwenye sehemu hiyo.

Haki inaanza kabla ya hati

Sheria inayohusika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo kazi inalindwa tangu pale inapotungwa. Ukishaandika beti zako kwenye daftari, au ukajirekodi kwa simu ukiimba, haki ni yako hata kama hujaenda ofisi yoyote. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo wanao wanairithi kama shamba. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, na kwa sababu hiyo kazi yako inatambuliwa pia katika nchi nyingine zilizo ndani ya mkataba huo.

Mtu atauliza, kama haki ninayo tayari, nasajili ya nini? Jibu ni ushahidi. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo wengi tunaijua kwa jina la COSOTA, inatunza daftari la kazi na wamiliki wake, na ni kazi yake kisheria kutoa ushahidi wa umiliki pale panapotokea mgogoro. Wimbo ukishakuwa maarufu wanajitokeza watu wengi kusema ni wao. Kumbukumbu iliyoandikwa kabla ya umaarufu ina uzito kuliko maneno ya baada.

Mfano tunaoujua Afrika Mashariki nzima ni wimbo "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi mapema miaka ya 1960, na jina lake likaandikwa kama mtunzi. Adam Salim, Mtanzania, alisema aliutunga yeye miaka ya 1940. Mombasa wapo wanaomtaja Lucas Tututu. Wimbo uliimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M, ukazunguka dunia, na hadi leo watu wanabishana ni wa nani. Hatuwezi sisi kuamua. Tunachoona ni kwamba aliyekuwa na rekodi yenye jina lake alikuwa na kitu cha kuonyesha, na wengine walibaki na simulizi.

Kuna jambo hati haifanyi. Ofisi haikuwepo ulipokuwa unatunga. Inaandika ulichotangaza na tarehe uliyotangaza. Mwingine akija na daftari la zamani, mashahidi na rekodi ya mapema kuliko yako, hati yako inaweza kupingwa na hata kuanguka. Pia sheria hailindi wazo. Ukitunga wimbo kuhusu barabara mbovu, jirani naye anaweza kutunga wa barabara mbovu. Kinacholindwa ni maneno yako na tuni yako, namna wewe ulivyolisema jambo.

Wimbo mmoja una wenyewe kadhaa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho.

Tuseme dada mmoja wa Kang'ata ametunga wimbo unaoitwa "Barabara ya Kang'ata". Ameandika beti tatu kwa Kiswahili, na tuni ya beti ameitoa kichwani mwake. Kiitikio ni cha Kizigua, na kinafuata wimbo wa ngoma alioukuta ukiimbwa harusini tangu akiwa mtoto, ila maneno kayabadilisha. Amekwenda studio Korogwe, prodyuza akamtengenezea biti mpya, na shemeji yake akapiga gitaa. Amelipa studio shilingi 100,000 na kurudi nyumbani na wimbo kwenye flashi.

Akijaza maombi kwa haraka ataandika hivi:

```
Jina la kazi: Barabara ya Kangata
Aina: Muziki
Mtunzi: (jina lake la kisanii)
Maelezo: Wimbo wangu wa kuelimisha jamii kuhusu barabara
```

Maelezo haya yana makosa manne, na kila moja linaweza kumgharimu. Amesema wimbo wote ni wake, na si kweli, kwa sababu biti katengeneza mtu mwingine. Ametumia jina la kisanii tu, jina ambalo haliko kwenye kitambulisho chake. Kiitikio cha asili amekidai kama alikitunga. Na pale kwenye maelezo ameeleza ujumbe wa wimbo badala ya kueleza kazi. Ofisi haina haja ya kujua kama wimbo unaelimisha. Inataka kujua wimbo umeundwa na nini, na kila sehemu imetoka kwa nani.

Maelezo yanayomlinda yangekuwa hivi:

```
Jina la kazi: Barabara ya Kang'ata
Jina jingine: Barabara ya Kangata
Lugha: Kiswahili na Kizigua
Maneno: (jina lake kamili kama lilivyo NIDA, na la kisanii)
Tuni ya beti: yeye mwenyewe
Tuni ya kiitikio: imetokana na wimbo wa asili wa Wazigua,
  Handeni; mtunzi hajulikani
Biti na upangaji: (jina kamili la prodyuza)
Waimbaji na wapigaji: yeye, sauti; shemeji, gitaa
Mwenye rekodi: yeye, kwa makubaliano ya maandishi na studio
Urefu: dakika 4, sekunde 12
Ilikamilika: (mwezi na mwaka)
Ilitoka kwa umma: (tarehe, na ilitokea wapi)
```

Masanduku ya fomu yanaweza kupangwa tofauti na hivi, lakini habari ni hizi. Ukizikusanya kwenye karatasi nyumbani kwanza, kujaza ni kunakili tu.

Tuziangalie sehemu zenye utata. Maneno na tuni ni kazi ya mtunzi, na hiyo ndiyo hakimiliki. Kuimba, kupiga gitaa na rekodi yenyewe kunaingia kwenye hakishiriki, ndiyo maana sheria ina majina mawili. Shemeji aliyepiga gitaa kwa kufuata tuni aliyoelekezwa ni mpigaji, ana haki yake kama mpigaji, lakini si mtunzi. Kama alitunga mwenyewe kipande cha gitaa ambacho ndicho wimbo unatambulika nacho, mambo ni mengine, na ni heri mkubaliane na kuandika kabla ya kusajili.

Rekodi ni kitu cha peke yake. Kisheria mtayarishaji wa rekodi ni yule aliyeanzisha kazi ya kurekodi na kubeba jukumu lake. Dada yetu alilipa, kwa hiyo ana hoja nzuri kwamba rekodi ni yake na studio ilimuuzia huduma. Lakini risiti ya shilingi 100,000 iliyoandikwa "malipo ya studio" haisemi hivyo waziwazi. Na kama prodyuza alirekodi bure kwa ahadi ya kugawana mapato, hoja inahamia upande wake. Dawa yake ni karatasi ya ukurasa mmoja, inayosema rekodi ni ya nani, biti ameuziwa au ameruhusiwa kuitumia tu, na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Hakuna kiwango cha asilimia kinachokuja chenyewe. Mnaweza kukubaliana mtunzi 70 na mtengeneza biti 30, au nusu kwa nusu, ilimradi jumla iwe 100 na mtie sahihi wote wawili. Haki ikihamishwa kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, sheria inataka maandishi, kwa hiyo ile ya "tulielewana" haitoshi. Kuweni na mashahidi, na mwandike siku ileile ya kurekodi, kabla wimbo haujaanza kuleta pesa na maneno.

Tahadhari kuhusu biti za bure za kwenye mtandao. "Bure" mara nyingi ina maana bure kwa kujaribia, au bure ila usiuze. Wimbo uliojengwa juu ya biti ya namna hiyo una maneno yako na biti ya mtu, na ukiusajili wote kuwa wako umetangaza uongo kwa maandishi. Tafuta kwanza masharti ya mwenye biti, piga picha ya ukurasa ule, na kwenye maelezo sajili maneno na tuni yako tu.

Kwaya nazo zina namna yao ya kukosea. Fomu inajazwa "Mtunzi: Kwaya ya Usharika". Kwaya haishiki kalamu. Kuna mwalimu au mwanakwaya aliyetunga, naye ndiye mtunzi, na kwaya ni waimbaji. Kama mtunzi ameamua kuipa kwaya haki zake, basi aandike na kusaini, na nakala ikae kwenye faili la kwaya. Tumesikia mivutano ya namna hii mwalimu anapohamia usharika mwingine, kila upande ukisema nyimbo ni zake.

Ngoma za wazee si za mtu mmoja

Kiitikio cha Kizigua kinahitaji maelezo yake. Nyimbo za asili, hadithi za kale, vitendawili na ngoma za jamii zina sehemu yake ndani ya sheria ileile ya 1999, kama sanaa za jadi. Hazina mtunzi anayejulikana, na hakuna mtu anayeweza kuzisajili ziwe zake. Kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kawaida ni jambo linalosimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kuazima kidogo ili kutunga kazi mpya ya kwako kunaruhusiwa, ila taja ulikochota, yaani jamii gani na eneo gani.

Kwa hiyo dada yetu hapotezi kitu akisema ukweli. Beti tatu ni zake, maneno mapya ya kiitikio ni yake, na namna alivyoviunganisha ni yake. Asichoweza ni kumzuia bibi wa Kwamsisi au kikundi cha harusi cha Korogwe kuendelea kuimba wimbo wa asili kama walivyouimba siku zote. Akinyamaza na kudai wote, mtu yeyote anayeujua wimbo ule wa harusini anaweza kuonyesha kwamba maelezo yake si ya kweli, na shaka hiyo itagusa hata zile beti ambazo kweli ni zake.

Kitabu

Kwa kitabu mambo ni mepesi kidogo. Riwaya uliyoandika mwenyewe ina mwandishi mmoja, na maelezo yanatosha yakiwa na jina la kitabu, jina kamili la mwandishi, lugha, idadi ya kurasa, kama ni hadithi, mashairi au kitabu cha kiada, na kama kimeshachapwa au bado ni muswada. Muswada unasajilika, huna haja ya kusubiri mchapaji. Ukibadilisha kitabu kwa kiasi kikubwa baadaye, toleo jipya lieleze kilichoongezwa.

Angalia picha ya jalada. Kijana aliyekuchorea ana haki juu ya mchoro wake mpaka mkubaliane vinginevyo kwa maandishi. Tafsiri nayo ina wenyewe wawili. Ukitafsiri kitabu cha mtu, tafsiri inalindwa kama kazi yako, lakini ruhusa ya mwenye kitabu cha mwanzo lazima uwe nayo, na kwenye maelezo umtaje.

Mzee aliyekusanya hadithi na methali za Kizigua kwenye daftari asiandike "Mtunzi wa hadithi". Aandike kwamba yeye ni mkusanyaji na mhariri. Chake ni uchaguzi, mpangilio, dibaji, maelezo na namna alivyosimulia kwa maneno yake. Hadithi zenyewe zinabaki za jamii, na waliomsimulia awataje ndani ya kitabu.

Watu wengi wanachanganya ISBN na hakimiliki. ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kazi yake ni kukitambulisha kitabu madukani na maktabani. Haithibitishi nani kaandika. Kwa nyimbo kuna ISRC, namba ya kuitambua rekodi, nayo haithibitishi mtunzi. Wala kujiandikisha BASATA kama msanii hakusajili wimbo wako hata mmoja.

Kujaza maombi ukiwa Kang'ata

Taarifa za usajili zinapatikana kwenye tovuti ya ofisi:

```
www.cosota.go.tz
```

Zipo hatua mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza inakuhusu wewe kama mtunzi au mmiliki, na ya pili inahusu kazi, moja baada ya nyingine. Kujisajili wewe hakusajili nyimbo zako kumi. Andaa kitambulisho cha NIDA, picha ndogo, namba ya simu iliyo kwa jina lako, na nakala ya kazi, yaani faili la sauti pamoja na maneno yaliyochapwa, au kitabu chenyewe. Makubaliano na studio au na mchoraji piga picha safi, isiwe ya kivuli.

Ada utaiona kabla ya kulipa, na malipo ya serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba. Ukiingiza namba hiyo kwenye menyu ya malipo ya serikali kwenye simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Mtu akikuambia umtumie kwenye namba yake binafsi ili "akusukumie", usitume. Kama mtandao wa kijijini unakusumbua au hujui kutumia mfumo, afisa utamaduni wa halmashauri yako ndiye mtu wa kumfuata kwanza.

Kosa linalojirudia katika kujaza ni jina. NIDA inasema majina matatu, akaunti ya simu mawili, kava ya wimbo ina jina la kisanii. Jaza kama NIDA, kisha jina la kisanii liwekwe mahali pake. Jina la wimbo nalo lisibadilikebadilike. Hii "Kang'ata" yetu ni mfano mzuri, maana mmoja anaandika na ng'ombe wake, yaani na kile kialama cha juu, mwingine anaandika "Kangata". Kwenye kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. Ndiyo maana mfano wetu una mstari wa "Jina jingine".

Jambo hili linagusa mfuko moja kwa moja. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki zaidi ya 1,000, na marekebisho ya sheria ya mwaka huohuo yakafungua njia ya taasisi za wasanii wenyewe kupewa leseni ya kukusanya na kugawa. Yeyote anayegawa, anahitaji kulinganisha orodha ya nyimbo zilizochezwa na majina yaliyosajiliwa. Wimbo uliochezwa kama "final 2" haulingani na kitu chochote.

Kwa hiyo ukitutumia wimbo, lipe faili jina kamili, kwa mpangilio huu:

```
Jina la msanii - Barabara ya Kang'ata (mtunzi - jina kamili).mp3
```

Kama unatumia kompyuta, au studio inaweza kukusaidia, jazeni pia sehemu za Title, Artist na Composer ndani ya faili. Redio nyingi zinasoma hapo kwanza.

Hati ikitoka, isome neno kwa neno siku hiyohiyo, kwa sababu kosa la herufi ni rahisi kurekebishwa mapema kuliko baada ya miaka mitatu. Ukikuta mwingine tayari kasajili wimbo wako, andika malalamiko kwa ofisi, usiishie kuyapiga kwa simu, na ambatisha ushahidi wako wenye tarehe. Ushahidi huo ni daftari la kwanza lenye maneno yaliyofutwafutwa, sauti uliyomtumia rafiki kwa WhatsApp kabla ya kwenda studio, risiti, na ikiwezekana faili la kazi lililoko kwenye kompyuta ya prodyuza. Tumewahi kumwona mtu akichoma daftari lake la beti kwa sababu wimbo ulishatoka na aliona halina kazi tena. Lifunge kwenye nailoni, liweke pamoja na hati ya shamba.